Shati la Damu ya Mzee: Kubadilisha Rangi Moja Bila Kugusa Uso Wala Ukuta

Mwigizaji anaingia getini amevaa shati la rangi ya damu ya mzee. Anavuka ua, anasukuma mlango wa mbao, na picha inapohamia sebuleni shati limekuwa la buluu. Ni mtu yule yule, katika hatua ile ile moja ya kuvuka kizingiti. Tulikuwa tumepiga picha za ndani siku ya Jumanne na za nje siku ya Ijumaa, na hiyo Ijumaa hakuna aliyekumbuka mavazi. Kosa lilipoonekana nyumba tuliyoazima pale Tanga ilikwisha kurudishwa kwa mwenyewe, na mwigizaji alikuwa safarini kurudi Mwanza.

"Mdogo wangu," mwongozaji aliniuliza akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, "hilo shati unaweza kuligeuza buluu bila kumharibu huyu kijana?"

"Naweza, kaka. Ila si kazi ya dakika tano."

Kipande chenyewe kilikuwa cha sekunde 9. Kwa kamera inayopiga fremu 25 kila sekunde, hizo ni picha 225 zinazofuatana, na katika kila moja shati lilipaswa kubadilika huku ngozi, ukuta wa chokaa, mlango wa mninga na udongo mwekundu wa uani vikibaki kama vilivyokuwa. Kazi ya namna hii huitwa marekebisho ya rangi ya hatua ya pili. Hatua ya kwanza huigusa picha nzima: unaipa mwanga iliyopungukiwa, unaondoa umanjano wa taa, unaiweka sawa na picha jirani. Hatua ya pili huchagua kitu kimoja ndani ya picha na kukiacha kingine chote.

Watu wengi hudhani ugumu uko kwenye kubadilisha rangi. Kubadilisha ni jambo la kuzungusha namba moja. Ugumu wote uko kwenye kuchagua, yaani kuieleza kompyuta shati ni lipi na lisilo shati ni lipi, ilhali kompyuta haijui shati ni kitu gani. Inachokiona ni vidoa vidogo vya rangi, pikseli, kila kimoja na namba zake.

Ili kuchagua, programu huzisoma namba hizo kwa njia tatu. Kwanza, hii ni rangi gani: nyekundu, njano, kijani, buluu? Pili, imekolea kiasi gani? Kitambaa kipya cha kanga kimekolea, kile kilichofuliwa miaka mitano kimepauka, ingawa vyote ni vyekundu. Tatu, ina mwanga kiasi gani? Kwenye skrini mambo hayo matatu yameandikwa Hue, Saturation na Luminance. Ukitaka kuchagua shati, unaweka mipaka mitatu: rangi kuanzia hapa hadi pale, ukolevu kuanzia hapa hadi pale, mwanga kadhalika. Pikseli iliyomo ndani ya mipaka yote mitatu inachukuliwa. Iliyokosa hata mmoja inaachwa.

Sasa tuzipange rangi katika duara, kama wanavyofanya mafundi wa picha. Nyekundu safi iko kwenye nyuzi 0, njano 60, kijani 120, buluu 240, kisha duara linarudi kwenye nyekundu. Ngozi ya binadamu hukaa kati ya nyekundu na njano, upande wa chungwa, na jambo hili linawahusu watu wote. Mweusi tititi wa Juba na mweupe wa Oslo hawapishani sana kwenye duara hilo, kwa sababu kinachoipa ngozi rangi ni damu iliyo chini yake na melanini iliyo juu yake, na hivyo viwili tunavyo sote. Tunachotofautiana zaidi ni mwanga na ukolevu.

Kwa hiyo shati la kijani au la buluu ni rahisi. Liko mbali na ngozi kwenye duara, unaligusa mara moja na kompyuta inalitenga lenyewe. Mafunzo niliyojifunzia mimi yalikuwa hivyo, tena mwenye shati alikuwa mtu mweupe aliyesimama mbele ya ukuta wa kijivu. Damu ya mzee ni habari nyingine. Shati letu lilikuwa karibu na nyuzi 350, na ngozi ya mwigizaji karibu na nyuzi 20. Nafasi ni nyuzi 30 tu katika duara la 360. Na ndani ya nafasi hiyo nyembamba kuna vitu vya mwili ambavyo hakuna anayevikumbuka mpaka vigeuke buluu: mdomo wa chini upande wa ndani, ulimi, ufizi, kona ya jicho, kiganja cha mkono, nyama iliyo chini ya kucha. Hivyo vyote ni vyekundu kuliko uso. Mwigizaji wetu alikuwa akiongea na simu huku anatembea.

Nilitumia DaVinci Resolve, programu ya kampuni ya Blackmagic Design ya Australia. Toleo lake la bure linatosha kabisa kwa kazi hii. Jina la DaVinci ni la zamani katika fani: mashine za rangi zenye jina hilo zilikuwa zikitengenezwa Florida, Marekani, tangu miaka ya 1980, na zilikuwa na bei ya kiwanda, mpaka Blackmagic ilipoinunua kampuni hiyo mwaka 2009 na kuifanya programu ya kompyuta ya kawaida.

Kwenye ukurasa wake wa rangi kazi hupangwa katika visanduku vinavyoitwa nodi, kimoja baada ya kingine, na picha hupita humo kama maji katika mfereji. Nodi ya kwanza nilitumia kusawazisha mwanga. Ya pili (Alt+S huiongeza) ilikuwa ya shati peke yake. Mtindo wa filamu, ule ujoto wa jioni alioutaka mwongozaji, niliuweka mwisho. Mpangilio huo una sababu. Ukiipasha picha joto kwanza, ngozi yote inasukumwa kuelekea wekundu, na ile nafasi ya nyuzi 30 inapungua kabla hujaanza kuchagua. Nimeona mafundi wakipambana na uteuzi mbovu kwa saa nzima, kumbe walikuwa wanachagua kutoka kwenye picha waliyokwisha kuipaka rangi wenyewe.

Chombo cha kuchagulia kinaitwa Qualifier. Nilichukua kalamu yake, nikaburuta juu ya kifua cha shati, penye mwanga wa wastani, si kwenye kivuli wala kwenye mng'ao. Kisha Shift+H, ambayo hukuonyesha ulichochagua kikiwa na rangi yake na kingine chote kikiwa kijivu. Hapo ndipo ukweli unapojitokeza. Shati lilikuwepo, lakini na matundu kwenye mikunjo. Midomo ilikuwepo pia, na sehemu ya mlango, na ndoo nyekundu iliyokuwa kwenye kona ya ua ambayo hakuna aliyeiona siku ya kupiga picha.

Mtu wa kwanza kuingia kwenye kazi hii hukimbilia kubana mipaka ya rangi mpaka midomo itoke. Inatoka, na nusu ya shati inatoka nayo, kwa sababu kitambaa kwenye kivuli hakina rangi ile ile kama kitambaa kwenye jua. Katika picha ya mtu mweupe ningesaidiwa na mwanga: uso ungekuwa na mwanga mwingi, shati la damu ya mzee kidogo, ningeweka mpaka kati yake na kumaliza. Uso wa kijana wetu ulikuwa na mwanga karibu sawa na shati. Kilichotuokoa ni ukolevu. Ngozi nyeusi, hata ikiwa na joto lake la chungwa, haijakolea sana. Sehemu zake zinazong'aa huakisi anga na kuwa karibu na kijivu. Kitambaa kilichotiwa rangi kiwandani kimekolea kweli kweli. Niliacha mipaka ya rangi iwe mipana kiasi, mipaka ya mwanga nikaifungua karibu yote, na mpaka wa chini wa ukolevu nikaupandisha polepole mpaka mashavu na shingo vilipopotea kwenye uteuzi. Hilo ndilo ningependa kila anayehariri picha za watu wetu alijue: kwa ngozi nyeusi na nguo nyekundu, anza na ukolevu.

Midomo na ndoo havikutoka. Havingetoka kwa namba, maana kwa namba vilikuwa sawa na shati. Hapo inabidi uiambie kompyuta mahali. Nilichora umbo, Power Window, kuzunguka kiwiliwili kuanzia chini ya kidevu hadi kiunoni, nikalainisha ukingo wake kidogo. Ndani ya nodi moja, Qualifier na umbo hufanya kazi kwa pamoja: pikseli inachukuliwa ikiwa ina rangi inayotakiwa na pia iko ndani ya umbo. Uso ukawa nje, mlango nje, ndoo nje. Umbo lenyewe halihitaji kufuata mshono wa shati kwa umakini, kwa kuwa kazi ya ukingo inafanywa na rangi. Kazi yake ni kuwafukuza wageni tu.

Lakini mtu anatembea. Tracker, kifuatiliaji, husoma alama za kitambaa fremu kwa fremu na kulisogeza umbo pamoja na mwili. Kilifanya vizuri kwa sekunde 6, kisha mwigizaji akanyanyua mkono kuusukuma mlango na kiganja kikapita mbele ya kifua. Kifuatiliaji kikadanganyika na kuufuata mkono. Nilirudi fremu kadhaa, nikakizima hapo, nikaliweka umbo kwa mkono kila baada ya fremu 5 hadi mwisho. Kwa kiganja nikachora umbo la pili lililowekwa kutoa badala ya kuchukua, nalo likaandamana na mkono kwa muda wa sekunde moja na nusu. Kipande hicho kifupi ndicho kilichokula muda mwingi kuliko vingine vyote.

Kisha ndiyo rangi. Nodi ina namba iitwayo Hue, inaanzia 50, na mzunguko mzima una pointi 100. Kutoka nyekundu kwenda buluu ni theluthi moja ya duara, kama pointi 33. Upande mmoja unakupeleka kwenye kijani, upande wa pili kwenye buluu. Nilizungusha, na shati likawa buluu mbele ya macho yetu. Mwongozaji akapiga makofi. Nikamwomba asubiri.

Buluu ile ilikuwa kali mno, ya plastiki. Kuzungusha rangi hubadilisha jina la rangi na kuuacha ukolevu ulivyokuwa, na shati la sebuleni lilikuwa pamba iliyofuliwa mara nyingi. Nilihifadhi fremu moja ya sebuleni, nikaiweka kando ya hii kwenye skrini, nikapunguza ukolevu na kushusha mwanga wa kati mpaka mashati mawili yakafanana, kwanza kwenye kifua, halafu kwenye kivuli cha kwapa. Ukilinganisha sehemu moja tu utadanganyika.

Bega la kulia lilikataa. Lilikuwa limepigwa na jua la saa saba mchana hadi likapauka na kuwa waridi hafifu, na pale juu kabisa likawa jeupe. Palipokuwa peupe hapakuwa na rangi ya kuzungushwa. Hiyo ndiyo sababu shati jeupe au la kijivu haliwezi kugeuzwa kwa njia hii. Unaweza kulitia rangi kama unavyotia maziwa majani ya chai, lakini hiyo ni njia nyingine. Kushusha mpaka wa ukolevu ili kulipata bega kungeirudisha shingo nzima ndani. Niliongeza nodi nyingine yenye umbo dogo juu ya bega tu, mbali na ngozi, na humo nikachukua ule uwaridi hafifu na kuusogeza kwenye buluu hafifu. Weupe niliuacha kama ulivyo. Shati la buluu nalo lingepauka kwenye jua lile.

Kuna jambo la mwisho, na kwangu mimi ndilo linalotenganisha kazi inayoaminika na isiyoaminika. Shati jekundu hurusha wekundu wake. Chini ya kidevu cha kijana palikuwa na mwako mwekundu, na ukutani, pale alipopita karibu na chokaa, palikuwa na kivuli chenye uwaridi. Shati likiwa buluu na kidevu kikiwa bado kimeangaziwa na wekundu, mtazamaji hatajua kasoro iko wapi, lakini jicho lake litakataa. Nilichora umbo laini chini ya kidevu, nikapunguza ukolevu wa wekundu humo kidogo sana, bila kutia buluu yoyote. Ukutani nikafanya hivyo hivyo. Hapa niligusa ngozi kwa makusudi, mahali pamoja, kwa kipimo kidogo, kwa sababu ile haikuwa rangi ya ngozi bali ya shati.

Utajuaje kwamba hukugusa kisichotakiwa? Macho huchoka na kuzoea, basi usiyategemee peke yake. Kuna kipimo kiitwacho Vectorscope: duara ambalo katikati yake ni kijivu, mwelekeo ni rangi, na umbali kutoka katikati ni ukolevu. Kuna mstari wa ngozi unaoelekea juu kushoto, karibu na namba 11 kwenye uso wa saa. Nilikuza picha mpaka uso ukajaa skrini, kisha nikaizima na kuiwasha nodi ya shati kwa Ctrl+D, mara nyingi mfululizo. Doa la ngozi kwenye kipimo halikutikisika. Lingetikisika hata kidogo ningejua uteuzi unavuja. Baada ya hapo nilitazama uteuzi wenyewe kwa rangi nyeupe na nyeusi, ukicheza, si fremu iliyosimama. Fremu iliyosimama husitiri. Ukicheza, matundu humeta kama nzige, na kingo za shati huchemka.

Kingo za shati letu zilichemka. Sababu ilikuwa kamera. Simu na kamera nyingi ndogo huhifadhi mwanga wa picha kwa ukamilifu lakini rangi huipunguza ili faili lisiwe kubwa: katika picha ya pikseli 1920 kwa 1080, rangi hubaki na 960 kwa 540, robo ya vidoa. Jicho halilitambui hilo unapotazama video. Qualifier hulitambua mara moja, maana inachagua kwa rangi, na ukingo inaoupata una ngazi ngazi. Nililainisha uteuzi kwa Blur Radius, nikaziba matundu kwa Clean White, nikafuta vumbi la nje kwa Clean Black, kila kimoja kwa kiasi kidogo. Ukilainisha kupita kiasi, mstari mwembamba wa damu ya mzee hubaki ukingoni au utepe wa buluu humwagikia shingoni. Tulibakiwa na mstari kama huo kwenye ukosi, wa upana wa pikseli moja hivi. Kwenye simu hauonekani. Kwenye ukuta wa ukumbi, mimi nauona.

Programu za simu kama CapCut zina kipengele cha HSL, nacho kwa peke yake hubadilisha wekundu wote uliomo katika picha. Kwa shati la kijani kibichi mbele ya ukuta mweupe kinatosha, sioni haya kukitumia. Kwa damu ya mzee kitampa mwigizaji wako midomo ya maiti.

Njia hii ilithibitishwa mbele ya dunia nzima mwaka 2000, katika filamu ya ndugu Coen iitwayo O Brother, Where Art Thou? Mpigapicha wake, Roger Deakins, alipiga Mississippi wakati wa kiangazi chao, majani yakiwa mabichi, ilhali hadithi ilitaka ardhi kavu yenye vumbi ya miaka ya 1930. Kijani cha miti na nyasi kilivutwa kuelekea njano kwenye kompyuta, na nyuso za waigizaji zikabaki nyuso za watu. Alikuwa na bahati moja ambayo sisi hatukuwa nayo: kijani kiko mbali na ngozi.

Ukiwa bado hujapiga picha, basi, una uwezo kuliko nitakaokuwa nao mimi baadaye. Ukihisi vazi litabadilishwa, mvishe mwigizaji kijani au buluu iliyokolea, bila mistari wala maua. Usiliache jua liuchome mwanga wa bega. Msogeze hatua mbili kutoka ukutani. Kama kamera yako ina uwezo wa kurekodi kwa biti 10 na 4:2:2, chagua hiyo, kwa sababu huhifadhi nusu ya vidoa vya rangi badala ya robo, na ngazi 1,024 kwa kila rangi badala ya 256.

Na kabla ya kuondoka mahali pa kazi, piga picha ya simu ya kila mwigizaji akiwa amesimama na mavazi yake, andika namba ya tukio, mpe mtu mmoja azitunze. Sekunde zetu 9 zilichukua saa 5 na nusu.